Gari kuukuu, faida ya kwenye midomo: hesabu ya kununua, kutengeneza na kuuza tena

Wiki chache zilizopita, baada ya Isha, jirani yetu mmoja alikuja barazani akiwa na furaha zake. Alikuwa ameuza Vitz aliyoinunua miezi miwili nyuma. "Nimenunua kwa laki tatu na themanini, nimeuza kwa laki nne na sabini," akasema. "Elfu tisini, alhamdulillahi." Kahawa ya usiku ule alilipa yeye.

Gari lile hakulinunua kwa pesa zake peke yake. Nduguye aliyeko Doha alimtumia 200,000, naye akaweka 200,000, wakakubaliana faida wagawane nusu kwa nusu. Kwa hiyo alikuwa anajitayarisha kumrudishia nduguye mtaji wake pamoja na 45,000 juu. Aliniomba nimsaidie kuandika hesabu kidogo ili imfikie ndugu ikiwa safi. Tukakaa na simu yake, tukapitia ujumbe wa M-Pesa mmoja baada ya mwingine tangu siku ya kwanza. Tulipomaliza, kahawa ilikuwa imepoa. Hakupata elfu tisini. Alikuwa amepoteza 37,000.

Kwa ruhusa yake naiweka hesabu ile hapa, kwa sababu vijana wengi wa Kisauni, Likoni na Majengo siku hizi wanaifanya biashara hii, na wengi wanaihesabu vile alivyoihesabu yeye: bei ya kuuza toa bei ya kununua.

Hesabu yenyewe

Gari ni Toyota Vitz ya mwaka 2008, nambari za KCA, injini ya cc 1300, gia otomatiki. Muuzaji alitaka 420,000, wakavutana mpaka 380,000. Hizi ndizo pesa zilizotoka:

Bei ya kununua: 380,000
Dalali aliyeonyesha gari: 5,000
Matengenezo: 74,500
Karatasi: 15,500
Bima, petroli, kuosha na matangazo: 12,000
Madalali wakati wa kuuza: 20,000
Jumla: 507,000

Bei ya kuuza ilikuwa 470,000. Ukitoa, unabaki na upungufu wa 37,000. Na hapo hatujahesabu hata siku moja ya muda wake, ilhali duka lake dogo lilikuwa likifungwa kila alipokwenda gereji au kumwonyesha mtu gari.

Alipoona jumla ile, jambo la kwanza alilosema ni kwamba fundi amemla. Fundi hakumla. Bei za fundi zilikuwa za kawaida. Hasara ile ilipatikana siku ya kununua, na nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza tuzitazame zile sehemu tatu ambazo pesa hupotelea bila mtu kuziona: matengenezo, karatasi na dalali.

Matengenezo yanayopandisha bei na yasiyopandisha

Jirani yetu alipokwenda kuliona gari alikwenda saa tisa alasiri, na muuzaji alikuwa ameshaliwasha na kuliacha linguruma. Alilizungusha mtaani kwenye lami, akaridhika. Akakadiria kwamba 25,000 zitatosha kulirekebisha.

Kwenda kuona gari lenye injini moto ni kosa ambalo watu wa kazi hii hawalifanyi. Nenda asubuhi, na kabla ya kusema lolote weka mkono juu ya boneti. Ukiikuta ina joto, uliza kwa nini. Injini iliyolala usiku kucha ndiyo inayosema kweli: ikikawia kushika, ikigonga, au ikitoa moshi wa buluu sekunde za mwanzo, utayaona yote. Ikishapata moto, mengi ya hayo hujificha. Kisha usiliendeshe kwenye lami peke yake. Lipeleke kwenye njia ya mashimo, polepole, madirisha yakiwa yamefungwa na redio imezimwa. Mlio wa kugongagonga mbele ni shokomzoba au bushi.

AC nayo iwashe ukiwa umesimama na uiache dakika kumi na tano au ishirini. Iliyo mbovu huanza kwa baridi nzuri kisha ikageuka feni tupu. Mombasa hii mnunuzi akiingia ndani jambo la kwanza ni kugusa kitufe cha AC, kwa hiyo usilipuuze.

Na sisi wa mwambao tuna adui wetu wa peke yetu, chumvi. Gari lililolala miaka karibu na bahari hung'ara juu na kuoza chini. Inama, au bora lipandishwe, uangalie chasisi, mabomba ya breki na sehemu zinapofungwa shokomzoba. Kutu ya juu juu hukwanguka ikabaki chuma kigumu. Kutu mbaya ukiigonga kwa ncha ya bisibisi hupukutika vipandevipande. Ukikuta rangi nyeusi mpya imepakwa chini ya gari kuukuu, hiyo nayo ni habari.

Haya yote fundi wako atayafanya kwa shilingi elfu mbili au tatu. Nasema fundi wako, si yule anayependekezwa na muuzaji wala na dalali. Jirani yetu aliona hizo elfu tatu ni nyingi.

Sasa tazama alikotumia zile 74,500. Shokomzoba mbili za mbele, bushi na ufundi wake zilichukua 17,000. Kompresa ya AC ya eks-Japani, gesi na kazi, 19,500. Betri pamoja na mafuta ya gia boksi, 14,000. Halafu rangi: bampa, boneti na milango miwili, 24,000.

Swali la kuuliza kabla ya kila tengenezo ni moja: nikitoa pesa hizi, bei ya kuuza itapanda kwa zaidi ya nilichotoa? AC ilijibu ndiyo. Vitz isiyo na baridi Mombasa ingetajiwa bei ya chini kwa kiasi kinachozidi sana zile 19,500. Betri nayo ilikuwa lazima, kwa sababu gari lisilowaka mbele ya mteja haliuziki.

Shokomzoba hazikupandisha bei hata shilingi. Mnunuzi hakuna anachoongeza kwa sababu ya shokomzoba nzima. Hudai tu kupunguziwa akikuta mbovu. Lakini ni usalama wa mtu, na hapo una njia mbili tu, uzitengeneze au umwambie mnunuzi na umpunguzie. Njia ya tatu ya kunyamaza haipo, nitaieleza mbele.

Mafuta ya gia boksi yanahitaji neno moja. Vitz hii ina gia ya CVT, ambayo haitumii mafuta sawa na otomatiki za kawaida. Fundi akikuwekea yoyote aliyonayo ili kupunguza gharama, gia boksi itaharibika. Hakikisha chupa imeandikwa CVT, na itoke kwenye duka ulilolijua, mbele ya macho yako.

Pesa zilizopotea bure ni za rangi. Ile ya zamani ilikuwa imefifia na kuwa na mikwaruzo, lakini haikuwa imebanduka. Kuipiga polishi kungegharimu kama 3,000. Badala yake akapaka vipande vinne, na kwa kuwa rangi mpya haikulingana kabisa na ile ya zamani, kila mnunuzi aliyekuja aliuliza, "Hii iligongwa wapi?" Wawili waliondoka kwa sababu hiyo. Alilipa 24,000 kujinunulia shaka.

Karatasi: jina la nani liko kwenye logibuku?

Muuzaji aliyemuuzia alikuwa na gari, ufunguo na logibuku mkononi, lakini jina kwenye logibuku halikuwa lake. Yeye mwenyewe alilinunua kwa mtu mwingine miaka miwili nyuma na hakuhamisha umiliki. Mambo haya ni mengi sana kwetu. Zamani watu walikuwa wakipokezana fomu iliyotiwa sahihi tupu, mpaka mnunuzi wa nne au wa tano ndiye akajaza jina lake.

Siku hizi mlango huo umefungwa. Uhamishaji unafanywa kwenye mtandao wa NTSA, na anayeuanzisha ni yule ambaye jina lake limesajiliwa, kutoka kwenye akaunti yake mwenyewe. Mnunuzi naye huukubali kupitia akaunti yake, akiwa na KRA PIN yake. Mwenye jina asipopatikana, akiwa amesafiri, amekasirika au amefariki, gari lako halina wa kulihamisha. Akiwa amefariki unaingia kwenye mambo ya mirathi na mahakama, na hapo faida yote husahauliwa.

Jirani yetu alibahatika, mwenye jina alikuwa hai na yuko Voi. Lakini kumfuata mara mbili kulichukua nauli na chakula 3,500. Yule bwana naye akasema yeye gari aliliuza zamani, halimhusu, na kama anasumbuliwa apewe asante yake. Asante ikawa 6,000. Ada ya kuhamisha, ambayo NTSA huitoza kulingana na ukubwa wa injini, pamoja na mapatano ya mauzo kwa wakili na mambo madogomadogo, 6,000 nyingine. Ndizo hizo 15,500. Kati ya hizo, 9,500 zisingetoka kama angesema mapema, "Sitoi pesa mpaka mwenye jina aje hapa na simu yake."

Kabla ya kulipa lolote, fanya mambo matatu. La kwanza, tafuta rekodi ya gari NTSA, ile wanayoiita sachi. Ada yake ni ndogo, na inakuonyesha jina la mwenye gari, nambari ya chasisi na ya injini. Nambari hizo zilinganishe na zilizopigwa kwenye gari lenyewe, kwa macho yako, si kwa picha. La pili, tazama kama jina la benki, sako au kampuni ya mikopo limeandikwa pamoja na la mwenye gari. Likiwepo, gari hilo ni rehani, na halihamishiki mpaka mkopeshaji aliachilie. La tatu, tangu sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, mkopeshaji anaweza kusajili haki yake kwenye daftari la serikali hata kama jina lake halimo kwenye logibuku. Daftari hilo linapatikana kupitia eCitizen, na inafaa nalo litazamwe.

Wengine husema, "Mimi sihamishi, ninaliuza upesi moja kwa moja kwa mnunuzi wangu." Wanaokoa ada moja, ni kweli. Lakini Sheria ya Trafiki inatoa siku 14 tu: gari lililouzwa lisitumike barabarani zaidi ya muda huo kama mnunuzi hajasajiliwa. Na sheria hiyohiyo humhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka kithibitishwe kinyume chake. Jirani yetu alikaa na gari miezi miwili akiliendesha huku na huko kuonyesha wateja. Lingepatikana na ajali, yule mzee wa Voi ndiye angetafutwa kwanza, na yeye angekuwa na mengi ya kueleza.

Bima pia haihami na gari. Bima ni mkataba baina ya kampuni na mtu, na stika iliyo kwenye kioo ni ya mwenye gari wa zamani. Ndiyo maana kwenye hesabu kuna bima ya thadi pati aliyoikata mwenyewe. Hiyo haikuwa hasara, ilikuwa ni wajibu, na yafaa iwemo kwenye hesabu tangu mwanzo.

Dalali na cha juu

Dalali hana makosa kwa udalali wake. Ana simu, anajua nani anatafuta nini, na bila yeye gari lingekaa miezi minne. Matatizo huja pale ujira wake unapoachwa hewani.

Jirani yetu alimwambia dalali wa kwanza, "Mimi nataka yangu laki nne na themanini, ya juu ni yako." Dalali akalitangaza kwa 530,000. Kwa bei hiyo simu hazikuja, na wiki nne zikapita. Hii ndiyo kasoro ya cha juu: dalali akitaka kupata nyingi, gari lako ndilo linalosubiri. Kisha akaja dalali wa pili na mteja wa kweli wa 470,000. Mauzo yakafanyika. Usiku uleule wa kwanza akapiga simu kusema yule mteja alimwona yeye mwanzo na ni shemeji ya mtu wake. Ili kuepuka maneno, akampa 5,000, na wa pili 15,000.

Wanazuoni nao wameyazungumza haya zamani. Imamu Bukhari katika mlango wa ujira wa dalali anataja kwamba Ibn Abbas hakuona ubaya mtu kuambiwa auze kwa kiasi fulani na kinachozidi kiwe chake. Lakini wengi wa mafakihi, pamoja na madhehebu yetu ya Shafii, hawakuliridhia kwa sababu ujira haujulikani. Mwenye kutaka fatwa aende kwa shekhe wake. Mimi nasema kwa upande wa mfuko tu: ujira wa kiasi kilichotajwa hukulinda. Andika kwenye ujumbe wa simu, maneno matatu tu: kiasi gani, kinalipwa lini, na mteja atahesabiwa ni wa nani. La mwisho hilo ndilo lingemwokolea zile 5,000. Sharti liwe kwamba dalali akutumie jina na nambari ya mteja kabla hajamleta. Jina likija mara mbili, wa kwanza kulituma ndiye mwenye haki.

Anza na bei ya kuuzia, urudi nyuma

Sasa turudi kwenye lile nililosema, kwamba hasara ilipatikana siku ya kununua.

Mfanyabiashara anayejua kazi haanzi na bei anayoitaka muuzaji. Anaanza na bei ambayo gari kama lile huuzwa kweli, siyo ile inayotangazwa. Tofauti ya hizo mbili ni kubwa. Matangazo ya Vitz za mwaka ule yalikuwa 510,000 hadi 530,000, lakini ukiwauliza madalali wawili watatu waliofunga biashara, wanakwambia 470,000, pengine 480,000. Chukua ya chini. Kisha toa kila kitu, mpaka kibaki unachoweza kumpa muuzaji.

Kwa gari hili ingekuwa hivi. Kutoka 470,000 toa 20,000 za dalali wa kununua na wa kuuza, inabaki 450,000. Toa 10,000 za karatasi na 10,000 za bima, petroli na matangazo, inabaki 430,000. Toa matengenezo ambayo fundi angeyaona kabla ya kununua, yaani shokomzoba, AC, betri, mafuta ya gia boksi na polishi, jumla kama 54,000, inabaki 376,000. Toa 16,000 za yale ambayo hakuna fundi anayeyaona mpaka gari lifunguliwe, kwa sababu lazima yatakuwepo. Inabaki 360,000.

Hapo ndipo gari linapojilipa lenyewe bila kukupa hata shilingi moja. Yeye alilinunua kwa 380,000. Alikuwa ameshavuka mstari kwa 20,000 kabla ya kuwasha injini. Nyingine 17,000 zilizokamilisha hasara yake zilitokana na rangi isiyohitajika na ile safari ya Voi. Kama alitaka faida ya 40,000, ambayo kwa miezi miwili ya kazi na hatari si nyingi, mwisho wake ulikuwa 320,000.

"Lakini yule muuzaji hangekubali 320,000," akaniambia. Pengine kweli. Basi gari lile halikuwa lake. Biashara hii mtu huona magari sita au saba, akanunua moja, na yale aliyoyaacha ndiyo yaliyomlindia mtaji.

Kuna kitu kimoja cha kuongeza kwa anayefanya zaidi ya gari moja. Kodi ya mauzo ya jumla, ile ya wafanyabiashara ambao mauzo yao kwa mwaka yanazidi milioni moja na hayafiki milioni ishirini na tano, tangu Julai 2023 ni asilimia 3. Hutozwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Magari matatu kama hili kwa mwaka yanakuvusha milioni moja, na kwa kila moja la 470,000 unadaiwa 14,100, uwe umepata au umepoteza. Kwa biashara yenye faida nyembamba namna hii hilo ni jambo kubwa. Sheria inamruhusu mtu kuomba KRA atozwe kwa faida badala yake, lakini hapo utatakiwa vitabu vya hesabu na risiti. Fundi asiyetoa risiti basi ana gharama yake pia.

Kumwambia mnunuzi

Niliahidi kurudi kwenye kunyamaza. Sote tunakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) sokoni, alipoingiza mkono kwenye rundo la chakula akakuta ndani kuna umajimaji, na namna alivyomkemea yule muuzaji aliyeuficha. Gari lenye kutu chini na rangi juu ndilo rundo lilelile. Kisheria yetu, mnunuzi aliyefichwa kasoro ana haki ya kurudisha. Kwa hiyo aliyeficha hana faida mkononi, ana pesa za watu zinazoweza kudaiwa. Ziandike kasoro unazozijua kwenye mapatano, mnunuzi atie sahihi. Bei itashuka kidogo, lakini mauzo yatakuwa yamekwisha kweli.

Na kuna lililonivutia katika vitabu vyetu wenyewe. Imamu Nawawi katika Minhaj anazungumzia mtu anayeuza kwa kumtajia mnunuzi mtaji wake. Akisema "nauza kwa nilivyonunulia", inaingia bei ya kununua tu. Akisema "kwa ilivyonisimamia", inaingia na ujira wa dalali na gharama nyingine zilizotoka. Ama kazi aliyoifanya kwa mikono yake mwenyewe haiingii. Yaani miaka zaidi ya mia saba iliyopita, mafakihi walishatenganisha bei gari liliyonunuliwa na bei lililosimama. Jirani yetu alizichanganya hizo mbili.

Alipoelewa, hofu yake ikawa nduguye wa Doha. Katika ushirika, faida hugawanywa kwa mapatano, lakini hasara humwangukia kila mtu kwa kadiri ya mtaji wake. Shida ni kwamba mtaji wenyewe haukujulikana tena. Zile 400,000 za mwanzo ziliishia kwenye kununua na AC, na zilizobaki alizichota dukani kidogo kidogo bila kuandika, akidhani anazikopesha tu biashara. Ilitubidi tuzikusanye kwenye M-Pesa, nazo zikatimia 107,000. Basi mtaji wake ukawa 307,000 na wa nduguye 200,000, na sehemu ya ndugu katika ile 37,000 ni kama 14,600.

Alimpigia siku ya pili, akamsomea hesabu yote. Ndugu alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja: "Gari lijalo, utaniambia bei ya mwisho kabla hujanunua?" Wamekubaliana hivyo. Sasa jirani yetu ana daftari la kurasa mia, na ukurasa wa kwanza hauanzi na bei ya kununua.